Visanduku Sita kwenye Simu ya Filda

Arua, kando ya barabara iendayo Vurra mpakani mwa Kongo, katikati ya mchoma mihogo na fundi viatu, kulikuwa na kibanda kisicho na bidhaa yoyote. Ndani mlikuwa na viti viwili, dirisha dogo, na mwanamke mnene aitwaye Driciru, mwenye simu kubwa iliyopasuka kioo pembeni. Mtu akipita bila kujua angedhani mama huyo amekaa tu kupunga upepo. Kumbe watu walitoka Aru ya Kongo, wakatoka Koboko na hata Oraba kule kwa mawakala wa malori, kumletea simu zao awasomee.

Driciru alikimbilia Kongo akiwa mtoto, vita vilipochoma eneo lote la West Nile, akalelewa Ariwara jikoni kwa masista. Huko Kifaransa kilimwingia pamoja na moshi. Aliporudi Arua alikuwa na lugha nne mdomoni, na hakuna hata moja iliyoionea nyingine haya.

Lakini maneno si kitu, alikuwa akisema. Maneno hata simu yenyewe siku hizi inageuza. Kazi iko kwenye vile vitu vingine: herufi kubwa, alama za mshangao, na zile sura ndogo za kucheka na kulia. Hivyo ndivyo vinavyovunja nyumba za watu.

Kuna siku Medina, muuza samaki wakavu, aliingia anatetemeka. Anicet wa Aru, mtu wa mbao, alikuwa amemwandikia MZIGO UMEFIKA !!! kwa herufi kubwa tupu.

"Ananipigia kelele," Medina alisema. "Nimemkosea nini huyu mutu?"

"Hajapiga kelele. Amefurahi. Unaona ameacha nafasi kabla ya alama? Hivyo ndivyo walivyofundishwa shule, na wakishaanza kuzimwaga wanamwaga kama chumvi. Wewe ulimjibu nini?"

"Nilijibu 'sawa', nikaweka nukta."

"Basi sasa hivi yeye ndiye anayetetemeka."

Akachukua simu, akafuta ile nukta, akaandika shukrani ndefu yenye alama mbili za mshangao na mikono iliyokunjwa, na urafiki ukapona kabla samaki hawajapata joto. Vijana wa Kongo wakimwekea mtu fuvu la kichwa, maana yake wamekufa kwa kicheko. Driciru hakupeleka fuvu hata siku moja kwa mama mzee wa Kilugbara. Alilifukia njiani, na alipofika kwa yule mama alicheka kwa sauti yake mwenyewe, hadi machozi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Watu wa mtaani walisema Driciru anaweza kulia kwa jicho la kushoto kwa niaba ya Mkongo na kucheka kwa jicho la kulia kwa niaba ya Mlugbara, kwa wakati mmoja. Walikuwa wanazidisha, ila si sana.

Basi kiangazi hicho, wakati watu wanachoma nyasi na majivu yanaelea mpaka mjini, alikuja Filda.

Filda alitoka kijijini, nje kidogo ya Koboko. Mwanawe wa pekee, Alionzi, alikuwa amekwenda Kongo kuchimba dhahabu, akaoa huko msichana wa Isiro aitwaye Christelle. Mukwe huyo hakujua Kilugbara, na Filda hakujua Kifaransa, kwa hiyo miaka miwili yote walikuwa wameongea kupitia kinywa cha Driciru. Christelle aliandika kwenye namba ya Driciru, Driciru akampigia Filda akamsomea. Walipendana sana, mama mukwe na mukwe, na hawakuwa wameonana hata mara moja.

Siku hiyo Filda hakusalimia. Alifungua kitambaa alichokifunga kiunoni, akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaiweka mezani ikiwa imelala kifudifudi.

"Binti yangu," alisema, "mimi sitaki kuigeuza tena. Geuza wewe."

"Kuna nini ndani yake, mama?"

"Kuna majeneza."

Driciru akageuza. Ulikuwa ujumbe wa kawaida, umetumwa moja kwa moja kwenye simu ya Filda, kwa Kifaransa, herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Kwa lugha yetu ulisema hivi:

MAMA USILIE !!! □□□□ TUKO WENGI HUKU CHINI, BARIDI IKO NYINGI !! ALIONZI ANASEMA ATAKUJA KUKUCHUKUA □□

Nje mchoma mihogo alikuwa anapuliza moto. Driciru alisikia pumzi ile kana kwamba inapulizwa shingoni mwake.

Filda alieleza. Kwanza ilikuja habari kwamba shimo moja huko migodini limeporomoka na kufunika watu. Kisha wiki nzima kimya. Kisha ujumbe huu. Ronnie, mtoto wa dada yake, wakala wa forodha pale Oraba, aliyaingiza yale maneno kwenye programu ya kutafsiri ya simu yake, akawasomea ukoo mzima uwanjani. Akasoma kama anavyosoma karatasi za malori, bila kupanda wala kushuka. Mama usilie. Tuko wengi huku chini. Baridi iko nyingi. Atakuja kukuchukua. Vile visanduku programu haikuvitafsiri, kwa sababu Ronnie hakujua jinsi ya kuviandika.

Lakini wazee walikuwa na macho. Shemeji yake Filda, Candia, alishika simu akavihesabu. Vilikuwa sita. Akasema hao ni waliofunikwa pamoja na Alionzi, kila mmoja na sanduku lake. Jirani mmoja aliviangalia baadaye akaapa vimekuwa saba. Tangu hapo hakuna aliyekubali simu hiyo ilale ndani ya nyumba. Iliwekwa juu ya paa la jiko, na kila ilipolia kwa sababu ya betri kuisha, mbuzi walihama kivuli.

"Jumamosi Candia anataka kupiga cere ya Alionzi," Filda alisema.

Driciru akaiweka simu chini. Mlugbara yeyote angeiweka. Cere ni mlio wa mwanamume, wimbo mfupi wa sauti ya juu, wake peke yake. Anaupiga akikaribia nyumbani, au akiwa hatarini, na watu wanajua ni fulani kabla hawajamwona. Mwingine haruhusiwi kuugusa. Mtu anapokufa ndipo ndugu husimama akaupiga kwa niaba yake, mara ya mwisho, na baada ya hapo hata marehemu akitokea barabarani na miguu miwili, atakuwa ametokea nani?

"Mimi nauliza jambo moja tu," Filda alisema. "Mwanangu yuko hai ama hayuko? Wewe unamjua Christelle kwa sauti."

"Sijawahi kusikia sauti yake, mama."

"Unaijua."

Ilikuwa kweli. Driciru akavuta kiti karibu na dirisha, akaweka simu ndogo na simu kubwa pamoja, akaanza kulinganisha.

"Kwanza, herufi kubwa. Tazama hapa, mama. Mukwe wako aliandika hivi alipokuomba namna ya kupika mlenda. Hapa tena, alipouliza kama unapenda kitenge cha kijani. Siku zote kubwa. Huyu hapigi kelele, huyu ni mchangamfu. Pili, alama zake. Ni zake kabisa, na nafasi yake mbele. Hakuna mzimu aliyesomea Isiro."

Filda hakucheka, lakini mabega yalishuka kidogo.

"Na majeneza?"

"Majeneza hakuna. Simu yako haina uwezo wa kuchora zile sura. Ikiletewa sura isiyoijua, inaweka kisanduku mahali pake, basi, kama mtu anayeweka jiwe kwenye kiti cha mgeni asiyefika. Na hizi simu za zamani, sura moja inazishinda mara mbili, zinaweka visanduku viwili. Kwa hiyo hapa mbele hakuna vinne, ziko sura mbili. Na huku mwisho iko moja."

"Sura gani?"

Hapo ndipo penye kazi. Kisanduku hakisemi kilikuwa nini. Driciru alirudi nyuma kwenye maongezi ya miaka miwili, akitelezesha kidole. Christelle kila alipomwambia Filda asilie, asiwe na wasiwasi, asiumie mgongo, aliweka sura mbili za kucheka hadi machozi. Kila alipomaliza aliweka mikono iliyokunjwa. Hakuwahi kubadilisha. Alikuwa na mazoea kama kuku anayetaga mahali pamoja. Na mwezi uliopita alikuwa ameandika kwamba kambi yao imehamia chini bondeni, na kwamba Alionzi anataka mama aje amwone mjukuu.

"Sasa nakusomea," alisema Driciru, "vile alivyoandika yeye."

Akakaa vizuri, akasafisha koo, akamwaga kwa Kilugbara, haraka, kwa sauti ya msichana anayeongea huku anapepeta mchele. Mama, wewe, usilie bwana! Akacheka, akacheka tena. Tuko wengi huku chini, na baridi yake usiseme! Alionzi anasema atakuja kukuchukua! Akaunganisha viganja akainamisha kichwa.

Yalikuwa maneno yaleyale. Filda akainua simu yake ndogo akaifuta vumbi kwa kanga, kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ule ufike.

"Mjibu," alisema. "Mwambie shemeji yangu anataka kupiga cere ya mume wake. Mwambie huyo mume asiponijibu kwa mdomo wake mwenyewe, nitamkata masikio yote mawili nikaange."

Driciru aliandika kwa Kifaransa. Kwenye masikio alisimama. Filda alilisema kwa kubetua mdomo, na kila mtu wa Koboko angejua ni mapenzi. Lakini kwenye kioo, bila ule mdomo, lilikuwa tishio la mwanamke mkali. Akaweka alama moja ya mshangao na uso unaokonyeza, kisha akatuma. Kando ya ujumbe ikatokea tiki moja ya kijivu. Maana yake umeondoka, haujafika.

Siku iliyofuata ilikuwa bado moja. Na iliyofuata.

Ijumaa Driciru alifunga kibanda akapanda taksi ya Koboko. Hakuitwa. Alijiambia anakwenda kumshikia Filda mkono, lakini ukweli ni kwamba aliogopa ile tiki. Alikuwa ameuambia ukoo mzima kwa kinywa cha Filda kwamba mtu yuko hai, na ushahidi wake ulikuwa kicheko ambacho hakuna aliyekiona, yeye mwenyewe akiwemo.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Filda ulijaa. Nyasi zilikuwa zinaungua mahali fulani upande wa Kongo, na majivu meusi, marefu kama nyuzi, yalikuwa yakishuka bila sauti, yakitua mabegani mwa watu. Hakuna aliyeyapangusa. Candia alikaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini.

"Mama Afedra," alimwambia Driciru, akimwita kwa jina la mtoto wake mkubwa, "wewe ni mtu mzima. Umemwambia shemeji yangu kuna kicheko ndani ya visanduku. Umekifungua ukakiona?"

"Sikukiona, mzee. Namjua aliyekiweka."

"Mimi nilimjua aliyechimba shimo."

Ronnie, aliyesimama nyuma yake na shati lake la kazini, alisema taratibu, "Mzee, tungoje jibu. Mimi nilisoma vibaya. Nilisoma kama tamko la forodha."

"Tutangoja hadi jua lifike juu ya mti ule."

Wakangoja. Jua lilikuwa jekundu kwa moshi, linatazamika kwa macho bila kuumiza. Mbwa wa jirani aliingia uwanjani, akazunguka, akalala mbele ya mlango wa nyumba ya Alionzi iliyofungwa tangu alipoondoka, akaweka pua kwenye ufa wa chini.

Simu ya Driciru ikatetemeka kwenye mfuko wa gauni.

Alitazama kwanza ujumbe aliokuwa ametuma. Tiki zilikuwa mbili. Chini yake palikuwa na jibu kutoka kwa Christelle, la Kifaransa, hivi:

mama alionzi anakusalimu sana anasema asante kwa yote tutaonana

Basi. Hakukuwa na sura hata moja, wala alama, wala nukta mwishoni. Na hii haikuwa simu ndogo ya vitufe inayoshindwa kuchora, hii inachora kila kitu hadi ndizi. Visanduku navyo havikuwepo. Yaani hakuna kilichopotea. Hakikuwekwa.

Herufi zote zilikuwa ndogo, hata ya kwanza, hata ya jina la Alionzi. Simu hizi zenyewe huinua herufi ya kwanza bila kuambiwa. Ukiikuta imelala chini, ujue mtu ameirudisha kwa kidole.

Akatelezesha juu, haraka, kutafuta kama Christelle aliwahi kuandika namna hiyo. Aliwahi mara moja, mwaka juzi, siku alipofiwa na baba yake. Aliandika "papa ametuacha leo". Herufi ndogo, bila chochote.

"Imekuja?" Filda aliuliza.

Watu wote waligeuka. Driciru aliinua macho, na pale ndipo shetani alipomkalia begani. Maneno yalikuwa mazuri. Anakusalimu sana. Anasema asante. Tutaonana. Angeweza kuyachukua hayohayo, bila kuongeza hata moja, akayavika kicheko cha Christelle cha kila siku, akaunganisha viganja, na Candia angekunja kiti chake aende nyumbani. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Filda angelala usingizi usiku huo. Angepata labda mwezi mzima wa usingizi.

Driciru alifungua mdomo, na kicheko kilikuwa tayari kooni.

Alikimeza. Akasoma vile ilivyoandikwa. Alisoma kwa sauti ya chini, kila neno likiwa na urefu mmoja na mwenzake, bila kuinua jina la Alionzi kuliko mengine. Alipofika "tutaonana" hakuishusha sauti, kwa sababu nukta haikuwepo. Akaiacha ikining'inia hewani, wazi, kama mlango ambao aliyetoka hakuufunga.

Candia hakuelewa, alianza hata kutabasamu. "Si anasalimia?" alisema. "Ronnie, si amesema anasalimia?"

"Soma tena," alisema Filda.

Driciru akasoma tena, vilevile.

Filda alikaa. Kisha akainua mikono miwili, akafungua kitambaa cha kichwani, taratibu, fundo kwa fundo, akakiweka chini. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na majivu yakaanza kutua juu yake.

"Shemeji," alimwambia Candia, "piga."

"Shemeji, mtoto anasalimia."

"Nimesikia anavyosalimia. Piga."

Candia alisimama kwa fimbo yake. Alielekea upande wa Kongo, akafunga macho, akaupiga. Mlio wa Alionzi ulipanda juu ya paa, ukavunjika katikati kama alivyokuwa akiuvunja mwenyewe, ukashuka. Mbwa aliyelala mlangoni aliinuka, akasogea pembeni, kama anayempisha mtu aingie.

Walilia siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya jua kuwa kali, mwanamke mwembamba alishuka kwenye pikipiki barabarani, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Alivuka Vurra asubuhi ile. Alitembea akiangalia chini, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri jambo atakalosema. Alipofika uwanjani akaona wanawake wamekaa chini vichwa wazi, na moto wa msiba, akasimama.

Driciru alimjua kabla hajasema. Alimwendea akampokea mtoto.

"Karibu, dada. Pole."

"Nani amewaambia?" Christelle aliuliza kwa Kiswahili cha kwao. "Nani? Mimi nimekuja kusema mwenyewe. Kwetu mutu hawezi kuambia mama kifo ya mtoto wake kwa simu. Alitoka kwenye shimo, mguu imevunjika, alikuwa anacheka, tukaandika mama asilie. Kisha joto ya homa ikamshika. Alhamisi tukamzika. Hakuna mutu wa huku alijua."

"Wewe ndiye uliyetuambia."

"Mimi? Mimi niliwadanganya." Alishusha mfuko chini. "Nilipata neti Jumamosi, nikaona ile ya masikio. Nikasema nifiche, wasipige ile kitu mbele sijafika. Niliandika kama siku zote. Dada, niliweka kicheko, niliweka mikono."

"Nionyeshe," alisema Driciru.

Christelle alitoa simu yake. Driciru alitoa yake. Wakaziweka juu ya mkeka mbele ya Filda, bega kwa bega, maongezi yaleyale, saa ileile. Kwenye simu ya Christelle ilikuwa hivi:

MAMA, ALIONZI ANAKUSALIMU SANA !!! 😂😂 ANASEMA ASANTE KWA YOTE. TUTAONANA 🙏

Kwenye simu ya Driciru ilikuwa vilevile kama alivyoisoma. Ronnie aliinama akaangalia hii, akaangalia ile, akasema jambo hilo halifanyiki, kinachotumwa ndicho kinachofika. Driciru alikubali kwamba halifanyiki. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuliona. Mtu fulani, njiani kati ya hizo simu mbili, alikuwa amezifuta sura moja baada ya nyingine, akang'oa alama, akaishusha kila herufi kwa kidole, hadi jina lake mwenyewe.

Filda hakujua kusoma, lakini aliziangalia zote mbili kwa makini, kama anayechagua kuku sokoni. Akainyooshea kidole simu ya Christelle, yenye vicheko.

"Hii ni yako, mwanangu, na nakushukuru," alimwambia mukwe wake. Driciru akaligeuza neno hilo papo hapo, na ule upole wake ukiwa ndani.

Kisha Filda akaichukua simu ya Driciru, ile iliyopasuka pembeni, akaiweka kifuani, akaikumbatia kama mtoto wake. Ilibidi Driciru akae siku nne zaidi Koboko, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwomba airudishe.